Kisulisuli cha saa nane: joto linainua, lakini nani anazungusha?

Saa nane mchana. Uwanja mtupu wa udongo mkavu, mbingu haina hata wingu, bendera imelala kwenye mlingoti. Majani makavu karibu na goli yanaanza kutambaa. Hayaendi upande mmoja kama yanayosukumwa na upepo. Yanafuatana kwenye duara lenye upana wa meza. Sekunde tatu au nne baadaye vumbi linanyanyuka, duara linajikaza, na nguzo ya rangi ya udongo inasimama, ndefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Inavuka uwanja kama mtu aliyechelewa safari, inafika kwenye nyasi zilizomwagiliwa ng'ambo ya uzio, inakonda, inakatika. Dakika moja na nusu, basi.

Bendera bado imelala.

Maelezo tuliyopewa shuleni ni mafupi: ardhi inapata moto, hewa ya moto inapanda, kisulisuli kinatokea. Sentensi mbili za kwanza ni kweli tupu. Ya tatu inaruka jambo, na ndilo lililonikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Moshi wa jiko nao ni hewa ya moto inayopanda, na hauzunguki. Mvuke wa sufuria unapanda, hauzunguki. Joto linasukuma juu. Halisukumi pembeni, wala halina sababu ya kupendelea kulia au kushoto.

Basi mzunguko unatoka wapi?

## Kwanza, acha kuangalia joto la hewa

Taarifa ya hali ya hewa ikisema leo ni nyuzi 38, bado hujajua lolote kuhusu visulisuli. Namba hiyo imepimwa kivulini, kiasi cha mita moja na nusu au mbili kutoka ardhini. Kinachoamua ni tofauti kati ya hapo na udongo wenyewe.

Tuuchukue uwanja wetu kama mfano na kuupa namba za kawaida kwa mchana wa jua kali. Udongo wa juu kabisa, ule unaounguza nyayo, una nyuzi 60. Sentimita 10 juu yake hewa ina nyuzi 43. Kwenye mita 2 ina 38. Kwenye mita 10 ina 36 na nusu. Yaani ukiinama ufunge kamba ya kiatu, uso wako unaingia kwenye hewa nyingine kabisa.

Linganisha na hali ya kawaida ya hewa kavu inayopanda: hupoa kama nyuzi 1 kwa kila mita 100, kwa sababu inapopanda inapanuka. Hapa tumepoteza nyuzi moja na nusu ndani ya mita 8 tu. Donge la hewa likinyanyuka kidogo kutoka chini, linajikuta lina joto zaidi kuliko majirani zake wapya, kwa hiyo linaendelea kupanda. Hakuna cha kulirudisha.

Ndiyo maana siku ya nyuzi 30 yenye udongo mkavu na jua la utosini inaweza kuzaa visulisuli vingi, na siku ya nyuzi 40 yenye ukungu mwembamba wa vumbi angani ikapita bila hata kimoja. Hewa yenyewe ya moto haitoshi. Ardhi lazima iizidi kwa mbali.

## Sekunde 40

Hapa panafaa hesabu ndogo, kwa sababu bila hesabu neno "jua kali" ni maneno tu.

Saa nane, kila mita ya mraba ya uwanja inapokea kama wati 900 za jua. Udongo mkavu wenye rangi hafifu unarudisha angani kama asilimia 30, zinabaki 630. Udongo wenye nyuzi 60 nao unang'aa joto lisiloonekana kwenda juu, na hata baada ya kuhesabu joto ambalo anga inaurudishia, hasara ni kama wati 250. Zinabaki 380. Wati 100 hivi zinazama chini ya udongo. Zilizosalia, 280, hazina pa kwenda ila kwenye hewa.

Sasa, hewa ya tabaka la mita 10 juu ya mita moja ya mraba ina uzito wa kilo 11 tu. Wati 280 zinaipasha nyuzi 1 kila baada ya sekunde 40.

Sekunde arobaini.

Hewa hiyo ikikaa bila kuondoka, ndani ya dakika 10 ingekuwa na nyuzi 15 zaidi. Haiwezi kukaa. Lazima ipande, na inapopanda lazima nyingine iingie mahali pake. Uwanja mzima unapumua kwa namna hiyo mchana kutwa, kisulisuli kiwepo kisiwepo.

Ukimwagilia uwanja huohuo, hesabu inageuka. Sehemu kubwa ya zile wati 380 inatumika kugeuza maji kuwa mvuke, na hewa inapata makombo. Udongo haufiki nyuzi 60. Labda unaishia 40. Jua ni lilelile, ila bili imelipwa kwingine. Kifo cha nguzo yetu pale kwenye nyasi hakihitaji maelezo zaidi ya hayo: ilivuka mpaka, ikakosa chakula.

## Mashaka ya kwanza: labda ni dunia inayozunguka?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba mzunguko wa dunia ndio unaoyapa maumbo haya mwelekeo, kama unavyovipa vimbunga vikubwa vya baharini. Linaonekana jibu zuri. Si sahihi, na inawezekana kuonyesha ni kwa kiasi gani si sahihi.

Chukua duara la hewa lenye nusu kipenyo cha mita 40. Katika latitudo ya nyuzi 30, mzunguko wa dunia unaipa hewa ya ukingo wa duara hilo mwendo wa kama milimita moja na nusu kwa sekunde. Kwenye ikweta hauipi chochote. Wakati huohuo, vijiupepo vya kawaida vya mchana, hata vile vya kuondoa jasho shingoni tu, vina nusu mita kwa sekunde. Hivyo ni zaidi ya mara 300. Dunia inanong'ona katikati ya soko.

Ushahidi wa macho unakubaliana na hesabu: visulisuli vinazunguka kulia na kushoto bila upendeleo, katika nusu zote mbili za dunia. Unaweza kuhesabu mwenyewe. Angalia upande wa nguzo ulio karibu nawe: vumbi likienda kutoka kushoto kwako kwenda kulia, kisulisuli kinazunguka kinyume cha saa kikitazamwa kutoka juu. Likitoka kulia kwenda kushoto, kinazunguka kama saa. Andika ishirini, utaona hakuna upande unaoshinda kwa maana.

## Mzunguko ulikuwepo tayari, ila ulikuwa umelala

Hapa ndipo fikra zangu ziligeuka.

Upepo mwepesi unapopita juu ya ardhi, hewa ya chini inashikwa na msuguano na ya juu yake inakwenda haraka zaidi. Weka penseli kati ya viganja viwili, kiganja cha chini kitulie, cha juu kiende mbele: penseli inabingirika. Hewa iliyo karibu na ardhi inabingirika hivyohivyo, muda wote, kila penye upepo. Mzunguko upo. Ni wa kulala tu, mhimili wake uko sambamba na ardhi, kwa hiyo hatuuoni.

Sasa leta donge la hewa ya moto linalopanda. Linaubeba ule mbingiriko katikati na kuupinda kama kamba iliyonyanyuliwa kwa kidole. Kamba sasa ina miguu miwili iliyosimama, na miguu hiyo inazunguka kinyume, mmoja kulia, mwingine kushoto. Mguu unaobahatika kukaa chini ya mkondo unaopanda unaimarika. Mwenzake mara nyingi unaangukia kwenye hewa inayoshuka na kufa bila kushuhudiwa. Upi utabahatika? Ndiyo ile kulia au kushoto bila upendeleo.

Maelezo hayo yaliniridhisha kwa siku mbili tatu, mpaka nikarudi kwenye ile bendera iliyolala. Kama hakuna upepo, penseli inabingirishwa na nini?

Na inajulikana kwamba hata upepo wa jumla ukiwa sifuri, visulisuli vinaweza kutokea. Modeli za kompyuta zinazokokotoa hewa ya mchana kipande kwa kipande zimezalisha mizunguko iliyosimama bila kupewa upepo wowote wa kuanzia.

Jibu liko kwenye ule upumuaji wa uwanja. Hewa ya moto haipandi kila mahali kwa pamoja. Inajipanga kama vyumba vya sega la nyuki, ila vikubwa mno, mamia ya mita hadi kilomita kadhaa kwa upana: katikati ya chumba hewa inashuka polepole, chini inatandazika kwenda kwenye kuta, na kwenye kuta inapanda. Pale kuta zinapokutana, mikondo inafika kutoka pande tatu au zaidi, na haifiki kwa nguvu sawa wala haielekei nukta moja kwa usahihi. Mmoja unapita kidogo kushoto ya katikati, mwingine kidogo kulia. Watu wanaosukumana mlangoni kutoka pande tatu huishia kuzunguka, ingawa hakuna aliyekusudia. Na mikondo yenyewe, inapotambaa juu ya ardhi, inabingirisha penseli zake.

Kwa hiyo bendera ilikuwa sahihi, na kisulisuli kilikuwa sahihi. Upepo wa jumla haukuwepo. Vijiupepo vya ndani vilikuwepo, vimeletwa na joto lenyewe.

## Kukaza duara

Mzunguko uliosimama bado si kisulisuli. Nusu mita kwa sekunde haiinui hata unyoya. Kinachofuata ni kukaza.

Mkondo unaopanda unavuta hewa kutoka pembeni kuja katikati, na kanuni ni rahisi: kasi ya kuzunguka ukiizidisha kwa umbali kutoka katikati, jibu linabaki lilelile mradi hakuna msuguano. Mchezaji anayezunguka huku amenyoosha mikono, akiikunja anazunguka haraka. Duara letu lina nusu kipenyo cha mita 40 na kasi ya nusu mita kwa sekunde. Zidisha: 20. Hewa hiyo ikivutwa hadi mita 2 kutoka katikati, kasi inakuwa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Kwa kweli msuguano unaiba sehemu njiani, kwa hiyo duara la mwanzo lazima liwe na ziada kidogo. Lakini umeona jambo lenyewe. Hakuna nguvu mpya iliyohitajika pembeni. Joto limevuta tu, na duara limejizungusha lenyewe.

Hewa inayozunguka kwa kasi hiyo inataka kutoka nje, kwa hiyo katikati inabaki na upungufu. Kanieneo ya hewa inashuka kwa takriban uzito wa hewa wa mita moja ya ujazo mara kasi mara kasi: 1.1 mara 10 mara 10, ni paskali 110, au hektopaskali 1.1. Ni kama kupanda mita 10 kwa kufumba na kufumbua. Kisulisuli cha mita 15 kwa sekunde kinafika hektopaskali 2.5.

## Kikombe cha chai

Kuna kitu kimoja kilichonichukua muda kukikubali. Hewa ikizunguka kwa kasi, nguvu ya kutoka nje inalingana na mvuto wa kanieneo ndogo ya katikati. Vikilingana, hewa haiingii wala haitoki. Mlango umefungwa. Basi kisulisuli kinakulaje?

Koroga chai yenye majani, toa kijiko, tazama. Majani hayaendi ukingoni. Yanakusanyika katikati ya kitako cha kikombe. Pale chini kabisa msuguano unapunguza kasi ya mzunguko, nguvu ya kutoka nje inapungua, lakini mvuto wa katikati unabaki vilevile kwa sababu unaamuliwa na maji ya juu yanayozunguka bila kizuizi. Kwa hiyo chini kila kitu kinakokotwa kwenda katikati.

Kisulisuli kinafanya hivyohivyo. Mlango umefungwa pande zote isipokuwa chini, kwenye tabaka jembamba linaloburura ardhi. Na tabaka hilo ndilo hewa ya nyuzi 43. Yaani msuguano, ambao ungeudhania adui wa mzunguko, ndio unaokilisha kisulisuli hewa yenye moto kuliko yote iliyopo. Kama kuna sehemu moja ya habari hii ninayoipenda kuliko nyingine, ni hii.

Hapo pia ndipo vumbi linapoingia. Chembe rahisi kunyanyuka si zile laini kabisa. Hizo zinagandana kama unga. Rahisi ni punje za mchanga mwembamba, kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Zinaruka, zinaanguka, zinapiga unga laini na kuutimua. Punje zenyewe hazifiki mbali, zinaunda ile sketi pana inayozunguka miguuni mwa nguzo. Unga laini ndio unaopanda.

Kwa hiyo uwanja ulioganda juu baada ya mvua na kukauka, hata uwe na nyuzi 60, unaweza kuwa na visulisuli tele visivyoonekana. Hakuna cha kubeba. Utaona karatasi moja inazunguka juu ya paa peke yake, au ndege wakubwa wanazunguka bila kupiga mbawa juu ya mahali pasipo na kitu.

## Kwa nini uwanja huu na si ule

Upepo ukizidi, habari imekwisha. Upepo mkali unachanganya hewa ya chini na ya juu, zile nyuzi tano kati ya sentimita 10 na mita 2 zinayeyuka, na kuta za vyumba vya sega zinapasuka kabla hazijakutana vizuri. Dalili yake ni rahisi: vumbi la uwanja mzima likienda upande mmoja kama shuka, usisubiri nguzo. Ukimya kamili wa muda mrefu nao si mzuri sana. Mchana unaofaa ni ule wa upepo unaokuja na kukatika, unaohisi kwenye shavu la kulia kisha dakika mbili baadaye kwenye la kushoto.

Ukubwa wa kiwanja pia una maana. Barabara ya lami ina moto kuliko udongo, lakini ni utepe tu. Hewa yake ya moto inaisha kabla duara halijakamilika. Eneo pana, tambarare, lisilo na majani lina akiba.

Na mahali ninapopenda kuelekeza macho ni kwenye mpaka: shamba lililomwagiliwa upande mmoja, udongo mtupu upande wa pili. Hewa ya baridi kidogo inatoka shambani na kutambaa kwenda kwenye udongo, inapenya chini ya hewa ya moto na kuisukuma juu. Hapo una mkondo unaopanda na tofauti ya kasi mahali pamoja. Nguzo huanza upande wa udongo, hatua kadhaa kutoka mpakani. Upepo mwepesi ukivuma kutoka shambani, inasukumwa ndani zaidi ya eneo la moto na inaishi. Ukivuma kuelekea shambani, inakufa mapema.

## Turubai

Kisulisuli cha kawaida kinakuachia mchanga machoni, na hayo ndiyo mwisho wake. Kibaya ni kile kinachokuta turubai la sherehe.

Chukua turubai la mita 3 kwa 3, miguu minne, na kisulisuli cha mita 15 kwa sekunde. Kasi hiyo inasukuma kwa takriban paskali 124. Upande mmoja ukinyanyuka na hewa ikaingia chini ya paa la mita 9 za mraba, msukumo unafika nyutoni 1,100 hivi, sawa na uzito wa kilo 110. Madumu manne ya lita 20, moja kwa kila mguu, ni kilo 80. Ongeza fremu na kitambaa, bado hujafika. Hapo tumehesabu msukumo ulio sawa pande zote, na hauji hivyo.

Kosa linalorudiwa ni kufunga kamba upande ule tu unakotokea upepo wa siku hiyo. Kisulisuli kikipita katikati, upepo unavuma kwanza kutoka upande mmoja, unakatika kwa sekunde moja, kisha unavuma kutoka upande wa pili kabisa. Kamba ziwe pande zote nne, vigingi vichomekwe kwa mshazari, kichwa kikiinamia mbali na turubai. Na kushika mguu wa turubai linaloinuka kwa mikono ni uamuzi mbaya: utakwenda nalo hatua mbili, kisha utaliachia likiwa juu ya vichwa vya watu.

Hakuna wingu la kukuonya. Onyo pekee ni majani makavu yanayofuatana kwenye duara.

## Kumnasa asiyeonekana

Simu nyingi, si zote, zina kihisi cha kanieneo. Programu ya phyphox inaweza kusoma namba zake na kuzihifadhi. Kabla ya kuamini chochote, panda ngazi ghorofa moja: mstari unapaswa kushuka kwa takriban hektopaskali 0.3. Ukishuka, kihisi kinafanya kazi.

Weka simu kivulini karibu na ardhi, ndani ya boksi lenye matundu madogo pande zote. Boksi si la jua tu. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukipiga moja kwa moja kwenye tundu la simu unaongeza hadi hektopaskali nusu ya uongo, na utaficha kile unachokitafuta.

Kisha rekodi angalau mara 5 kwa sekunde. Hili ndilo linalowaangusha wengi. Kisulisuli chetu chenye kiini cha mita 4 kwa upana, kikitembea mita 4 kwa sekunde, kinapitisha kiini chake juu ya simu kwa sekunde moja tu. Ukiwa mbali na katikati mara tatu ya nusu kipenyo cha kiini, yaani mita 6, upungufu umebaki sehemu moja ya kumi na nane. Kwa jumla una sekunde tatu. Kituo kinachohifadhi wastani wa dakika nzima kitaona hektopaskali 0.02 badala ya 1.1, na 0.02 ni mtetemo wa kawaida wa namba.

Ukitaka pia kujua kama uwanja uko tayari, chukua vipimajoto viwili, kimoja sentimita 10 kutoka ardhini, kingine mita 2. Kila kimoja kiwe ndani ya kipande cha bomba jeupe kilichofungwa karatasi ya alumini, kimelazwa, ncha zote wazi, ncha zisitazame jua. Kipimajoto kilicho wazi juani kinapima joto lake chenyewe, si la hewa. Baada ya dakika 10, badilisha nafasi zake na usome tena, kisha chukua wastani wa tofauti hizo mbili; vipimajoto vya bei rahisi huhitilafiana hata nyuzi nzima, na ukiacha kubadilisha utakuwa umepima kiwanda badala ya uwanja.

Kwenye mstari wa simu, mlango uliobamizwa ni mwiba mwembamba unaopanda na kushuka. Upepo unaotangulia mvua ni ngazi: kanieneo inapanda na kubaki juu, na hewa inapoa. Kisulisuli ni shimo. Mstari unazama, unafika chini, unarudi palepale ulipokuwa, pande mbili zikifanana kama bakuli lililokatwa katikati. Ukikuta bakuli kama hilo saa nane na dakika kadhaa, na uwanjani hakukuwa na vumbi wala mtu aliyeona kitu, basi kimepita juu ya boksi lako kitupu.

Mara nyingi mabakuli hayo ni mengi kuliko nguzo zilizoonekana.